Nyumba ya Mfanyakazi Si Tawi la Bure la Ofisi

Ipo hoja inayozunguka katika vikao vya menejimenti, na kila anayeitoa huitoa kwa kujiamini kama mtu aliyekwisha kuiona kesho. Inasema kwamba kazi ya kufanyia nyumbani haihitaji sera ndefu, kwa sababu mwajiri wa kisasa huangalia matokeo, haangalii saa. Waraka wa nusu ukurasa unatosha. Mfanyakazi apatikane hewani anapohitajika, atunze siri za ofisi, atumie vifaa alivyonavyo, na kwa kuwa anaokoa nauli, gharama ndogondogo abebe mwenyewe. Wafanyakazi wengi nao huipokea hoja hii kwa furaha, kwani nani asiyetaka kuepuka foleni ya asubuhi?

Naipinga hoja hii yote, kuanzia mzizi wake. Mwezi Januari 2025, viongozi wa Afrika walipokutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati na barabara kadhaa za jiji kufungwa, watumishi wa umma ambao kazi zao ziliruhusu walielekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili. Siku mbili za dharura zinavumilika bila sera. Lakini siku mbili za mwaka zinapogeuka siku tatu za kila wiki, waraka wa nusu ukurasa unakuwa njia ya kumhamishia mfanyakazi gharama na hatari ambazo jana zilikuwa za mwajiri. Sera ya kazi ya nyumbani kwa asili yake ni hati ya mgawanyo: inasema nani analipa, nani anabeba hasara, na kazi inaishia wapi. Pale inaponyamaza, mzigo humwangukia aliye karibu nao, naye ni yule aliyeketi sebuleni kwake na kompyuta ya ofisi.

Tumchukue mfanyakazi mmoja wa kubuni, tumfuate hadi mwisho. Ni karani wa mishahara katika taasisi ya binafsi ya watu mia moja hivi. Anaishi Kimara, mshahara wake ni sh 600,000 kwa mwezi, na siku tatu za kila wiki anafanyia kazi nyumbani. Kila mwisho wa mwezi anaandaa orodha ya mishahara ya wenzake wote: majina, namba za akaunti, makato ya mikopo, michango ya hifadhi ya jamii. Mtu kama huyu yupo karibu katika kila taasisi, na waraka wa nusu ukurasa unamdhuru katika mambo manne.

Saa za kazi

"Tunaangalia matokeo" ni kauli tamu, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikupima kazi kwa matokeo. Imeipima kwa saa: 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku zisizozidi 6. Zaidi ya hapo ni muda wa ziada, na muda wa ziada hautakiwi bila makubaliano, hauzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Wanaosamehewa masharti haya ni wachache: wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Karani wetu hayumo. Sheria haijamtoa kwenye kundi la wanaolindwa eti kwa sababu dawati lake limehamia Kimara.

Angalia mwisho wa mwezi unavyokuwa. Kwa siku kumi mfululizo za kazi, baada ya kumaliza saa zake 9 za kawaida, karani anaitwa tena saa 1 usiku kurekebisha orodha, na anafunga kompyuta saa 3 usiku. Hizo ni saa 20 za ziada. Mshahara wa sh 600,000 ukigawanywa kwa wiki 4.333 za mwezi, kisha kwa saa 45, unapata sh 3,077 kwa saa. Mara moja na nusu ni sh 4,616. Saa 20 zinafika sh 92,000 na zaidi, na kwa kuwa saa moja ya kila usiku inaangukia baada ya saa 2 usiku, sheria inaiongezea asilimia 5 kama kazi ya usiku. Katika taasisi inayoangalia matokeo pekee, fedha hii haionekani popote. Haikukataliwa na mtu. Haikuandikwa tu, na kisichoandikwa hakidaiwi.

Jambo la pili ambalo wapenzi wa matokeo hawalioni ni mapumziko. Sheria inataka saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Karani aliyefunga kompyuta saa 3 usiku hapaswi kuifungua kabla ya saa 3 asubuhi. Akiingia kwenye kikao cha saa 2 asubuhi, kama ilivyo desturi, kanuni imevunjwa, na imevunjwa kwa siku zote kumi. Mapumziko hayo yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa masharti maalumu, na mojawapo linamhusu mfanyakazi anayeishi katika eneo la kazi. Hapa ndipo mwandishi wa sera anapopaswa kuwa macho. Waraka ukisema "nyumba ya mfanyakazi itahesabiwa kuwa eneo la kazi" bila kufafanua, umempa mwajiri mlango wa kudai kwamba karani anaishi kazini.

Mlango huohuo, ukiachwa bila maelezo, unamfungia mfanyakazi upande wa pili. Fidia ya ajali kazini, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hutolewa kwa madhara yaliyotokana na kazi na kutokea katika kuitenda. Karani akipigwa shoti na chaja ya ofisi saa 4 asubuhi, swali la kwanza litakuwa: je, alikuwa kazini? Kama hakuna hati inayotaja mahali wala saa, atabaki na neno lake tupu. Ndiyo maana sera nzuri hutaja anwani inayokubaliwa kuwa mahali pa kazi kwa siku fulani na saa fulani, na kusema wazi kwamba nje ya saa hizo nyumba ni nyumba. Mahali pa kazi na saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inataka yawe katika maelezo ya maandishi ya ajira, na yakibadilika, mwajiri anapaswa kuyarekebisha baada ya kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp na kujibiwa kwa kidole gumba haujafika hapo.

Mimi ningeandika hivi: "Saa za kawaida ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, pamoja na mapumziko ya saa moja. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri mfanyakazi atapatikana kwa simu na vikao. Nje ya saa za kawaida hatalazimika kujibu ujumbe wala simu, na kutojibu hakutahesabiwa katika tathmini ya kazi. Kazi ya ziada itaombwa na msimamizi kwa barua pepe kabla haijaanza, ikitaja saa zinazokadiriwa. Msimamizi akiomba kwa simu kwa sababu ya dharura, atathibitisha kwa barua pepe kesho yake, na saa zitalipwa hata asipothibitisha." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Bila hiyo, msimamizi ataagiza kwa simu kila siku na hataandika kamwe.

Kisha kuna umeme na mtandao. Nchi yetu ilipita katika mgao wa umeme mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, na tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliukwamisha mtandao karibu ukanda wote wa Afrika Mashariki. Sera isiyosema lolote kuhusu siku kama hizo humwachia msimamizi uamuzi, naye mara nyingi huamua kwamba karani afidie saa zake usiku. Ofisini umeme ukikatika, mtu huketi na mshahara wake unahesabiwa. Nyumbani iwe vivyo hivyo: mfanyakazi atoe taarifa ndani ya nusu saa, apangiwe kazi isiyohitaji mtandao au aitwe ofisini ikiwa kuna jenereta na muda unatosha, na saa hizo zihesabike kuwa za kazi.

Vifaa

Hoja ya pili ya wenzetu ni kwamba siku hizi kila mtu ana kompyuta na simu, kwa hiyo kununua vingine ni anasa. Kompyuta ya karani wetu anayo kweli. Mtoto wake wa kidato cha pili anaitumia kwa masomo jioni, na binamu huja kuchapa barua za maombi ya kazi. Mashine hiyo ndiyo taasisi imeikabidhi mishahara ya watu mia moja.

Usalama nitauzungumzia baadaye kidogo. Kwanza tuangalie hasara. Kompyuta binafsi ikiharibika katikati ya kazi ya ofisi, nani anaitengeneza? Chini ya waraka wa nusu ukurasa, mwenyewe. Na ile ya ofisi ikiibwa nyumbani, nani anailipa? Hapa waajiri wengi huweka fomu ya makabidhiano yenye sentensi moja ya kutisha: "Nitawajibika kwa upotevu wowote wa kifaa hiki." Mfanyakazi anasaini, kifaa kinapotea, na mwezi unaofuata mshahara unakatwa wote.

Fomu hiyo haiwezi kuishinda sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti yote haya kwa pamoja: hasara iwe imetokea katika ajira na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri awe amemweleza kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokokotoa, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kupinga, jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Kwa karani wetu robo hiyo ni sh 150,000 kwa mwezi. Mwizi aliyevunja dirisha usiku si kosa la karani. Kuiacha kompyuta kwenye kiti cha daladala kunaweza kuwa kosa lake, lakini hata hapo hasara halisi ni thamani ya mashine iliyotumika miaka mitatu, wala haiwi bei ya mpya dukani.

Sera iseme basi kwamba taasisi inatoa kompyuta, chaja, na laini ya simu ya kazi. Kwamba vinaorodheshwa kwa namba ya kifaa, hali yake na thamani yake ya siku hiyo. Kwamba thamani hushuka kila mwaka kwa kiwango kilichotajwa. Kwamba matengenezo ni ya taasisi. Na kwamba wizi huripotiwa polisi na kwa msimamizi siku hiyohiyo. Kiti na meza visisahaulike. Mtu anayeinama juu ya meza ya kahawa saa 9 kwa siku tatu za wiki atalipia kwa mgongo, na mgongo haurejeshewi. Kama taasisi haina fedha ya kununulia kila mtu kiti, ina viti vilivyobaki vitupu ofisini siku hizo tatu. Viende Kimara kwa hati ya makabidhiano.

Usalama wa taarifa

Katika jambo hili wenye hoja ya nusu ukurasa hugawanyika pande mbili, na pande zote mbili zinakosea. Wa kwanza wanaamini kiapo: mfanyakazi asaini kwamba atatunza siri, basi. Wa pili wanaamini upelelezi: programu ipachikwe kwenye kompyuta ipige picha ya skrini kila dakika kumi, na kamera iwashwe kuthibitisha kwamba mtu yupo kitini.

Kiapo hakifungi diski. Kompyuta ikiibwa, mwizi hatahitaji hata kujua nenosiri la kuingilia. Anaweza kuichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine, na kama haijasimbwa, faili la mishahara litafunguka kama barua isiyo na bahasha. Hapo wa kuulizwa ni taasisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa achukue hatua za kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika, na ulinzi ukivunjwa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Jirani zetu wa Kenya wametaja saa kabisa katika sheria yao ya mwaka 2019: 72. Kuionyesha Tume kiapo cha karani hakuonyeshi hatua yoyote ya ulinzi iliyochukuliwa na taasisi.

Upelelezi nao haulindi kitu. Picha ya skrini ya kila dakika kumi haizuii wizi wa kompyuta wala nenosiri lililoibwa, lakini inazalisha lundo jipya la taarifa binafsi. Picha hizo zitanasa ujumbe wa mke, matokeo ya hospitali, uso wa mtoto aliyepita nyuma ya kiti. Taasisi iliyokuwa na faili moja la kulinda sasa ina maelfu, na kila moja lazima liwe na sababu halali ya kukusanywa. Anayeogopa kwamba mfanyakazi hafanyi kazi apime kazi iliyoletwa. Hapo, na hapo tu, ndipo neno "matokeo" lina mahali pake.

Kinachofaa ni hatua chache zinazoweza kukaguliwa. Ya kwanza ni kusimba diski. Kwenye Windows kazi hii hufanywa na BitLocker, nayo kwa ukamilifu wake iko kwenye toleo la Pro, haiko kwenye toleo la Home ambalo huja na kompyuta nyingi za madukani. Hii ni sababu nyingine ya taasisi kununua mashine yenyewe. Sera isiseme tu "diski isimbwe", iseme itakaguliwaje. Afisa TEHAMA afungue dirisha la amri kama msimamizi wa mashine na kuandika:

```
manage-bde -status C:
```

Mistari miwili ndiyo ya kusoma. `Percentage Encrypted` ionyeshe `100.0%`, na `Protection Status` ionyeshe `Protection On`. Wengi husoma wa kwanza na kuridhika, na hapo ndipo panapoharibika. Ulinzi ukisimamishwa kwa muda, kwa mfano wakati wa kusasisha programu za ndani za mashine, na usirudishwe, diski itaendelea kuonyesha asilimia 100 huku ufunguo wake ukiwa wazi juu ya diski hiyohiyo. Mashine ya namna hiyo ikiibwa ni sawa na isiyosimbwa. Ukaguzi ufanywe kila robo mwaka, na ufunguo wa dharura utunzwe na taasisi. Ukiandikwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wa kompyuta, unaondoka na mwizi.

Ya pili ni uthibitisho wa hatua mbili kwa barua pepe na mfumo wa mishahara, kwa programu ya simu inayotoa namba, kwa sababu namba zinazokuja kwa ujumbe mfupi huenda kwa tapeli aliyefanikiwa kuisajili upya laini ya mtu. Ya tatu ni njia ya kupitisha faili. Mishahara mingi huvujia mahali pamoja: msimamizi anasema "nitumie WhatsApp nione haraka." Faili hilo sasa liko kwenye simu mbili binafsi, na huenda na kwenye hifadhi za nakala za simu hizo, nalo litabaki huko hata karani akihama kazi. Sera ikataze, na katazo limguse msimamizi kabla ya karani, kwani yeye ndiye anayeomba. Lakini katazo lisilo na njia mbadala halitadumu siku mbili. Taasisi itoe folda ya pamoja yenye ruhusa kwa majina, ifunguke kwenye simu, na iwe rahisi kama WhatsApp.

Ya nne ni taarifa ya tukio. Sera nyingi hutishia adhabu kwa anayepoteza kifaa, na matokeo yake mtu hukaa kimya siku tatu akitafuta mwenyewe. Katika siku tatu hizo ndipo akaunti zinapofunguliwa na wasiohusika. Ningeandika: "Anayetoa taarifa ya upotevu au ya kubofya kiungo cha ulaghai ndani ya saa 2 tangu agundue hataadhibiwa kwa kuchelewa wala kwa kutoa taarifa. Namba ya kupiga ni hii, na hupokelewa saa zote." Kosa la uzembe lenyewe lishughulikiwe baadaye kwa taratibu zake. Kinachotakiwa usiku ule ni akaunti zifungwe.

Gharama

Sasa tufike kwenye nauli, ngome yao ya mwisho. "Anaokoa nauli," wanasema, "bando lake anunue mwenyewe." Hoja hii inaonekana ya haki mpaka uiulize nauli ilikuwa ya nani. Karani alikuwa akiilipa kutoka mshahara wake ili avifikie vifaa, umeme na mtandao vilivyokuwa vya mwajiri. Asiposafiri, fedha hiyo ni yake, kama ingekuwa yake angehamia nyumba iliyo jirani na ofisi. Hakuna mwajiri aliyewahi kumdai umeme mfanyakazi aliyepanga karibu na kazini. Tena mwajiri naye anaokoa umeme, maji na nafasi, na hasemi lolote kuhusu kuurudisha uokoaji huo. Kama taasisi ilikuwa ikitoa posho ya usafiri juu ya mshahara, hilo linaweza kujadiliwa, kwa mashauriano na kwa maandishi. Fedha ya mfukoni mwa mtu haijadiliwi.

Tuhesabu. Siku tatu kwa wiki ni siku 13 hivi kwa mwezi. Kompyuta, feni na kifaa cha mtandao kwa pamoja vitumie wati 130 kwa saa 8: ni uniti moja na kidogo kwa siku, karibu uniti 14 kwa mwezi. Ni chache. Lakini bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016 zina ngazi. Kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na sh 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 70 ililipa sh 7,000. Ikiongeza 14 za ofisi, italipa sh 10,650. Na ikihamishiwa kundi la T1 kwa sababu ya kuzidi, italipa sh 292 kwa uniti zote 84, yaani zaidi ya sh 24,500. Kazi ya ofisi ya uniti 14 imeipandishia familia bei ya taa, pasi na friji.

Mtandao ndio mkubwa zaidi. Kikao cha video cha saa moja pamoja na faili za siku vinaweza kula gigabaiti moja na nusu. Kwa siku 13 ni kama gigabaiti 20. Tukikadiria sh 2,000 kwa gigabaiti, ni sh 40,000. Jumla ya mtandao na umeme inaanzia kama sh 44,000 na inaweza kuzidi sh 57,000: kati ya asilimia 7 na karibu 10 ya mshahara wa sh 600,000. Mwajiri anayesema hizo ni gharama ndogondogo aulizwe kama angekubali kumpunguzia karani mshahara kwa kiasi hicho kwa barua rasmi. Hawezi, kwa sababu inahitaji ridhaa. Kwa waraka wa nusu ukurasa amefanya hivyo bila barua.

Wapo wanaokubali kulipa, kisha wanakosea namna ya kulipa. Huweka posho ya mkupuo kwenye mshahara, tuseme sh 50,000 kwa kila mtu. Posho isiyo na vielelezo huhesabiwa katika kipato cha ajira na kukatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo karani anapokea pungufu ya alichotumia. Sheria ya Kodi ya Mapato inayaacha nje malipo ambayo ni marejesho matupu ya fedha iliyotumika kwa ajili ya kazi pekee. Tofauti ya njia hizi mbili iko kwenye ushahidi. Kwa mtandao, njia safi ni kutomgusa karani kabisa: laini ya kazi iwe kwa jina la taasisi, kifurushi kilipwe na taasisi kila mwezi, na risiti ije kwa mhasibu moja kwa moja. Kwa umeme, ambao hauwezi kutenganishwa na wa nyumbani, sera iweke kanuni ya kukokotoa, yaani uniti kwa siku ya kazi ya nyumbani mara bei anayolipa mtu huyo, ikithibitishwa kwa ujumbe wa LUKU. Mhasibu amuulize mshauri wa kodi kabla ya kuanza, ili fomu moja iwatosheleze wote.

Usiruhusu pia utaratibu wa "tumia kwanza, tutakurudishia." Mwenye mshahara wa sh 600,000 akitanguliza sh 57,000 na kusubiri siku 45, amemkopesha mwajiri wake bila riba. Ofisi zetu zimejua masurufu miaka mingi: mtu hupewa fedha kabla ya safari na kuirejesha kwa risiti. Utaratibu uleule ufanye kazi hapa. Masurufu ya mwezi yatolewe tarehe ya kwanza, yarejeshwe kwa vielelezo kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na asiyerejesha asipewe mengine mpaka arejeshe.

Najua jibu litakalokuja: taasisi ndogo haiwezi kubeba yote haya. Inawezekana haiwezi kubeba kwa watu wote kwa siku zote. Basi sera iseme nani na siku ngapi. Kazi ya nyumbani ya siku moja kwa wiki kwa watu kumi wenye vifaa kamili ni bora kuliko ya siku tatu kwa watu mia wanaojinunulia bando na kubeba mishahara ya wenzao kwenye mashine za watoto. Na asiye na uwezo wa hata hiyo moja, ofisi yake ipo. Aifungue.

Kwa hiyo, ndugu afisa rasilimaliwatu uliyepewa kazi ya kuandika "kitu kifupi tu," usikubali ufupi huo. Andika saa, uandike na nani anaziomba zikizidi. Andika vifaa, thamani yake na mpaka wa makato. Andika ulinzi wa taarifa unaoweza kukaguliwa kwa amri moja, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Andika fedha, tarehe ya kutolewa na kielelezo chake. Kisha waite wawakilishi wa wafanyakazi waisome kabla mkurugenzi hajasaini, maana wao ndio watakaoishi ndani yake. Na wewe mfanyakazi unayeletewa karatasi ya nusu ukurasa, usiisaini siku hiyohiyo. Rudi na maswali manne: naanza na kumaliza saa ngapi, kifaa ni cha nani, kikiibwa nini kinafuata, na nani analipa. Mwajiri asiyeweza kuyajibu kwa maandishi hajawa tayari kumfanyisha mtu kazi nyumbani kwake.